Koti si la mzee: jibu kwa mwandishi wa hadithi ya bibi na picha ya 1969

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa hapa Dodoma mjini. Nimeandika hadithi fupi ya bibi mmoja wa Bahi anayekuta marehemu mume wake ameongezwa kwenye picha ya familia ya mwaka 1969. Siku ile mzee hakuwepo, alikuwa kazini kwenye reli huko Tabora. Aliyemwongeza ni mjukuu. Nimekwama mahali pawili. Walioisoma wanauliza bibi alijuaje kwamba picha imechezewa, nikamleta fundi wa picha na lenzi ya kukuzia, sasa hadithi imekuwa kama ya polisi. Halafu mwisho sina: bibi analia, mjukuu anaomba msamaha, basi. Rasimu nimekutumia.*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kabla sijashika kazi ya uhariri nilikaa miaka kadhaa kwenye chumba cha giza cha studio moja ya picha, vidole vikinuka dawa hata nikila ugali, kwa hiyo hadithi yako imenishika pande zote mbili.

Fundi na lenzi yake waondoke. Si kwamba wameandikwa vibaya. Ni kwamba hawana kazi. Mtu anayehitaji kuchunguza picha ni yule ambaye hakuwepo ilipopigwa, na bibi yako alikuwepo. Alisimama kwenye vumbi lile, jua likimpiga machoni, akiwa na mama mkwe wake pembeni na watoto wanaochezacheza. Anajua nani alikuwepo kama anavyojua nani alikula naye. Umwonyeshe picha hiyo mpya, swali lake la kwanza haliwezi kuwa "je, imechezewa?" Litakuwa "huyu katoka wapi?" Wasomaji wako waliouliza alijuaje wamekuuliza kwa sababu wewe mwenyewe ulionyesha wasiwasi, ukamletea shahidi mtu asiyehitaji shahidi.

Ila jambo moja wamelihisi bila kulitaja. Umesema mzee ameongezwa, hujasema amewekwa juu ya nini. Picha haina nafasi tupu. Ukimweka mtu, kuna kitu umekifunika. Hadithi yako imelala hapo, nami nitakuchukua mpaka hapo kwa njia ya studio, maana ukishajua kazi hii inavyofanyika utaona yenyewe inakupa mambo ambayo ulikuwa unahangaika kuyabuni.

Zamani tulipoombwa kumuunganisha marehemu na familia, tulichukua picha mbili zilizosafishwa kwa ukubwa unaolingana, tukamkata marehemu kwa wembe, tukapunguza unene wa kingo kwa msasa kutokea nyuma ili zisisimame, tukambandika kwenye ile nyingine, tukapaka rangi ya maji kidogo kwenye maungio kwa brashi nyembamba, kisha tukaipiga picha ile nzima upya. Iliyotoka ilikuwa na negativu yake. Mteja aliona mtu mmoja amekaa kama katuni kidogo, lakini alifurahi. Siku hizi mjukuu anaingia studio na picha ya zamani, inaskaniwa, na kazi yote inafanyika kwenye kompyuta. Mambo matatu hayajabadilika tangu wembe mpaka kompyuta: fundi anahitaji picha nyingine ya kumtoa marehemu, anahitaji mahali pa kumweka, na akishaanza atataka kusafisha na kasoro nyingine zote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi anayoijua.

Chukua la kwanza. Picha ya pili ni ipi? Kwenye rasimu yako haipo, mzee ametokea tu. Mtu wa Bahi aliyefanya kazi kwenye genge la reli, ameacha picha ngapi? Mara nyingi ni ile ndogo ya saizi ya paspoti, aliyopiga uzeeni kwa ajili ya mambo ya mafao au kitambulisho. Hapo una kichwa na mabega tu, mwili huna. Fundi anafanyaje? Wewe mwenyewe umeshaziona kwenye kuta za studio pale mjini: wazee waliovalishwa koti na tai ambazo hawakuwahi kuzigusa. Suti iko tayari ndani ya kompyuta, imekatwa shingoni, inasubiri kichwa. Ikiwa suti hiyo ina suruali na viatu pia, basi mzee anasimama mzima mbele ya ukuta wa tembe, kwenye vumbi la Bahi, amevaa suti kama mgeni wa serikali. Swali la "alijuaje" limekwisha kwa sentensi moja ya bibi: "Koti hili alilipata wapi?"

Na kwa kuwa paspoti ni ya uzeeni, kuna jambo zito zaidi ya koti. Bibi yako mwaka 1969 alikuwa na miaka ishirini na minne, umeandika hivyo. Mume aliyewekwa pembeni yake ana miaka sitini na kitu na mvi. Yule waliyeoana, kijana wa 1969, hayupo hata sasa. Mjukuu amemrudisha babu yake yeye, si mume wa bibi. Mimi nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu nilisimama, kwa sababu ulikuwa nacho tayari na ukakipita: umeandika "babu aliyeonekana mzee kidogo" halafu ukaendelea na lenzi. Rudi hapo.

Kuhusu kivuli nitasema kwa ufupi. Umeandika kwamba mzee hana kivuli. Ni kweli kitaalamu. Julai jua la Dodoma liko upande wa kaskazini, na saa kumi jioni limeshainamia magharibi kiasi kwamba kivuli cha mtu ni kama mara moja na nusu ya urefu wake. Familia ikisimama ikilitazama jua, karibu na ukuta, vivuli vinapanda ukutani nyuma yao, na uso wa paspoti uliopigwa kwa flashi ndani ya chumba hautafanana na nyuso zilizokunjamana kwa jua. Lakini mtu asiye na kivuli msomaji wako ameshakutana naye mara nyingi mno, na fundi yeyote wa wastani anajua kuchora kivuli. Ukipenda mjukuu ajisifu, "mpaka kivuli tumemwekea," hapo kinakuwa na faida. Kwa bibi hakina.

Kuna alama moja nyingine ambayo watu wa studio wenyewe huikosea, nakupa uitumie au uiache. Kamera nyingi za wapiga picha wa kutembea enzi zile zilishikwa kifuani, mpiga picha anainama kutazama kwa juu. Kamera ikiwa usawa wa kifua, basi kwenye uwanja tambarare mstari wa upeo wa mbali utakata watu wazima wote waliosimama karibu na usawa huo wa kifua, walio mbele na walio nyuma. Paspoti imepigwa usawa wa macho. Ukiziunganisha, aliyeongezwa anaonekana kama anatazama watu kwa namna yake, ama ameinuliwa kidogo, ama anazama. Watu hawajui kwa nini wanasema "kama hayuko nao," lakini wanasema. Mtoto mdogo kwenye hadithi anaweza kulisema hilo bila kuelewa. Ila usilieleze. Mimi nimekueleza wewe.

Sasa twende kwenye mahali pa kumweka, maana hapo ndipo uzito ulipo.

Fundi humweka mtu penye pengo, kwa sababu asipopata pengo lazima amkate aliye mbele au nyuma, na kazi inakuwa mara tatu. Kwenye picha yako kuna pengo moja. Umeandika kwamba mama mkwe ameketi kwenye kigoda na bibi amesimama "hatua moja pembeni, kwa adabu." Vizuri sana. Pengo liko kati ya mkwe na mama mkwe, karibu na katikati ya picha. Fundi amemweka hapo.

Na katikati ya picha kulikuwa na nini kingine? Hapa naomba uniruhusu niingize mkono kwenye hadithi yako. Umesema picha ilipigwa mwaka 1969 wakati mzee yuko Tabora. Hujasema kwa nini ilipigwa. Mpiga picha hakufika Bahi kila siku, na picha haikuwa ya bure. Mimi nadhani ilipigwa ili apelekewe mzee. Hakuna sababu nyingine iliyo rahisi na kubwa kama hiyo. Picha ile ipo kwa sababu yeye hakuwepo. Ikatiwa kwenye bahasha, ikapanda treni ya kwenda magharibi, Kintinku, Saranda, Manyoni, Itigi, mpaka Tabora. Mzee akaikunja mara moja katikati ili iingie mfuko wa shati, akaibeba kazini, akaifungua na kuikunja, akaifungua na kuikunja, miaka.

Karatasi ya picha ya enzi ile haikuwa hii ya plastiki unayoijua. Ilikuwa karatasi hasa, juu yake tabaka la unga mweupe laini, na juu ya hilo tabaka la jelatini lenye chembe za fedha zinazofanya picha. Ukiikunja, jelatini inapasuka. Mara ya kwanza unaona ufa mwembamba kama unywele. Ukiikunja mara mia, ufa unakuwa mstari mweupe, kingo zake zinaanza kubanduka, na uchafu wa mikono unaingia ndani yake na kuubadilisha kuwa wa kahawia. Mkono wa mtu wa mataruma una grisi. Mstari ule unapita katikati ya picha toka juu hadi chini, kwenye pengo lile lile.

Unaona tunakokwenda. Mzee alikuwa tayari kwenye picha. Mkunjo ni yeye. Fundi amefuta mkunjo, kwa sababu kwake ni kasoro na kuufuta ni kazi ya dakika chache, halafu mahali pale pale amemsimamisha mwanamume mwenye tai.

Nyuma ya picha kuna jambo la pili, na ni la bibi. Mwaka 1969 hakujua kusoma. Aliyeandika nyuma ya picha ni mtu mwingine, mwalimu au karani, kwa maneno aliyotamkiwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalienea vijijini kote. Bibi yako akaingia kisomo. Mzee aliporudi na picha mfukoni, ndipo akaweza kusoma mwenyewe nyuma yake. Alikuwa ametamka maneno mengi, yakaandikwa mawili tu: "Wote wazima." Hilo litie kwa sentensi mbili tatu, usilifanye sura nzima. Lakini litie, kwa sababu litakupa jinsi ya kuanza: mtu aliyeizoea picha ile haanzi kuitazama mbele.

Nimeandika tukio la kati kama ambavyo ningelifanya, ulichukue kama kielelezo, sentensi zako zitakuwa nyingine. Nimetumia utani wa bibi na mjukuu, ambao rasimu yako imeuacha kabisa, na nimeshangaa, maana bibi yupi wa kwetu anamwita mjukuu wa kiume kwa jina lake?

Bibi alifungua bahasha, akaitoa picha na kuigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Umeishika kinyume, bibi."

"Naona."

Akaigeuza. Ukuta wa tembe ulikuwa pale, na mlango wake mfupi. Mama mkwe kwenye kigoda, mikono magotini. Watoto watatu chini, wa mwisho ametikisika na kuwa na nyuso mbili. Yeye mwenyewe amesimama na kanga yake mabegani, ile nyekundu, ambayo kwenye picha ilikuwa ya kijivu na hakuna aliyebaki wa kujua kwamba ilikuwa nyekundu. Kati yake na mama mkwe alisimama mwanamume mwenye koti na tai.

"Karibu mgeni," alisema bibi.

"Mgeni gani? Mtazame vizuri."

Alimtazama vizuri. Masikio yalikuwa yake. Na lile kovu juu ya jicho, la mwaka ule wa mbuzi.

"Koti kalipata wapi?"

"Wamemvalisha tu studio. Ile picha yake ndogo ilikuwa na shati limechakaa kola."

"Na tai."

"Na tai."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, na mjukuu akacheka naye, akasogeza kigoda karibu.

"Sasa wewe mume wangu, mimi hapa nina miaka ishirini na minne. Huyu kichwa cheupe. Watu wakiingia humu watasema nimesimama na baba yangu."

"Hawatasema, bibi."

"Watasema, na mimi nitawaitikia."

"Na ule mstari nimewaambia wautoe." Mjukuu alipitisha kidole kwenye tai, toka juu hadi kwenye viatu. "Ona. Hata huwezi kujua ulipita wapi."

Bibi hakucheka.

"Mstari upi?"

"Ule mkunjo. Si ulikuwa umeharibu picha yote?"

Nje kuku walikuwa wakipigana kwenye pumba. Bibi aliweka picha juu ya goti lake, akaifunika kwa kiganja pale katikati, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Yangu."

Naishia hapo. Angalia ambacho hakijasemwa. Bibi hajasema mzee alikuwa Tabora, hajasema picha ilipigwa ili apelekewe, hajasema mkunjo ulitoka wapi. Msomaji anapaswa kuwa ameshayapata kabla, kwenye kurasa zako za mwanzo, yakiwa yamesemwa kwa ajili ya jambo jingine. Kwa mfano, unapoeleza bibi anavyoishi na ile picha ya zamani ukutani, sema inakaa vibaya kwenye fremu kwa sababu ya mkunjo, nusu moja inajitokeza mbele. Sema mzee alipostaafu alikuja na sanduku la bati, na shati lake la kazi lilikuwa na mfuko mmoja. Usiunganishe. Msomaji akifika kwenye kidole cha mjukuu kinachopita juu ya tai, ataunganisha mwenyewe, na itamuuma zaidi ya machozi yote uliyomwagia ukurasa wa mwisho.

Pia usimfanye mjukuu mjinga. Kwenye rasimu yako ni kijana wa mjini asiyejali, anatafuna bigijii. Mimi simwamini huyo. Kijana asiyejali haendi studio na paspoti ya babu yake, halipii, hasafiri mpaka Bahi na bahasha kwapani. Amefanya jambo hili kwa upendo na kwa uangalifu, na ndiyo sababu bibi hawezi kumgombeza. Akiwa mbaya, hadithi ni nyepesi: mbaya anatubu. Akiwa mwema, bibi ana kazi ngumu, anapaswa kuipokea zawadi inayomfuta mtu aliyekusudiwa.

Swali la mwisho kwa upande wa studio: picha ya asili iko wapi? Lazima uamue, kwa sababu mwisho wako unaning'inia hapo. Njia moja ni kwamba imepotea studio. Inatokea, mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya mteja nikipekua droo tatu. Lakini ikipotea, hadithi inakuwa ya hasira kwa fundi asiyehusika. Njia ya pili ni kwamba ilikuwa imegandia kioo cha fremu. Jelatini ikipata unyevu, paa likivuja msimu mmoja tu, inashikana na kioo na huwezi kuibandua bila kuacha vipande vya uso wa mtu, kwa hiyo mafundi huiskani pamoja na kioo chake. Ni nzuri, unaweza kumfanya bibi adai kioo. Lakini kioo kinakunyima nyuma ya picha na kinakunyima mkunjo, maana picha iliyogandia haikunjiki tena.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mjukuu anayo. Iko kwenye daftari ndani ya begi lake, ameihifadhi vizuri, amejitahidi kuinyoosha kwa kuiweka chini ya vitabu usiku kucha. Anampa. Bibi anaigeuza, anasoma maneno mawili. Halafu anaikunja. Hahitaji nguvu, karatasi inafuata njia yake yenyewe. Mjukuu anasema, "Bibi, itaisha," naye anaitia kwenye fundo la kanga. Ile mpya, yenye koti, anamwambia aitundike ukutani kwenye msumari ule ule, juu kidogo, ili wageni waione. Basi. Hakuna kulia, hakuna msamaha, kwa sababu hakuna aliyekosa.

Kuna ile ndoto uliyoitia ukurasa wa nne, bibi anaota mzee anaingia kwenye picha kwa miguu yake. Nimeisoma nikaona ulikuwa unawaza hadithi nyingine, ya mzee kuja mwenyewe bila studio. Si vibaya, lakini ni hadithi nyingine, na huwezi kuziandika zote mbili kwenye kurasa kumi. Tofauti yake ni ya karatasi tu. Kwenye hiyo ya pili picha ni ile ile ya zamani: mkunjo upo, maandishi ya nyuma yapo, nusu moja bado inajitokeza kwenye fremu, ila mtu ameongezeka. Na angekuwa kijana, na shati la mfuko mmoja. Ukitaka kuiandika hiyo siku nyingine, niandikie. Kwenye hii, ndoto ikae nje.

Makosa madogo ya kusahihisha. Umeandika mwaka 1969 mzee aliajiriwa na Shirika la Reli Tanzania. Shirika hilo lilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Mwaka 1969 reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, na wazee wengi walisema tu "nipo reli," fanya hivyo hivyo. Umeandika pia kwamba mjukuu "aliona kanga nyekundu ya bibi" kwenye picha. Hawezi. Picha ni nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani huweza kutoka kijivu cha aina moja. Wekundu huo anao bibi peke yake, kwa hiyo mwachie yeye. Na tembe, umesema lina "bati linalong'aa." Tembe lenye bati halina haja ya kuitwa tembe kwenye hadithi ya 1969. Paa lake ni bapa, ni udongo juu ya nguzo na miti, na picha iliyopigwa kwa mbele haitalionyesha hata kidogo, utaona ukingo tu na vijiti vinavyochomoza. Mzee akisimama hapo na koti, kichwa chake kitakaribia kuugusa ukingo huo kama fundi hakupima. Nadhani hakupima. Mtoto aseme: "Babu alikuwa mrefu hivyo?"

Jina la hadithi, "Picha ya Ajabu," libadilishe. Iite "Mkunjo" kama hujapata lingine. Nitumie tena ikiwa imefika kurasa nane, usizidi, na safari hii uandike mwisho kwanza.